Seli T Imefika, Mbona Haiui? Uvimbe Unavyokanyaga Breki za Kinga, na Dawa Inavyoziachia

Haya ni maneno ya hotuba yote, yamewekwa hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani zimeachwa.

Mabibi na mabwana, wauguzi, matabibu, wanafunzi, na ninyi mliokuja kwa sababu nyumbani kuna mgonjwa: asanteni kwa kufika.

Naomba tuanze kwenye hadubini. Kipande cha melanoma, ile saratani inayotokana na seli zinazotengeneza rangi ya ngozi, kimekatwa chembamba sana, kimetiwa rangi na kuwekwa juu ya kioo. Tazameni ukingoni, pale uvimbe unapopakana na nyama nzima. Seli T za aina ya CD8 zimejaa pale. Hizi ndizo seli za kinga zenye kazi ya kuua. Zimesafiri kwenye damu, zimepenya ukuta wa mshipa, zimelifikia lile lililozileta. Zimefika. Lakini haziui.

Kwa nini haziui? Swali hilo ndilo nitakalolishika tangu mwanzo hadi mwisho, kwa sababu ukijua jibu lake utajua dawa hizi mpya zinafanya nini, zitamfaa nani, na zitamdhuru nani.

Kwanza, seli T inamtambuaje adui? Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na saratani ndivyo ilivyo. Si mdudu aliyetoka nje, ni seli yetu wenyewe iliyoharibika. Sasa, karibu kila seli ya mwili ina desturi ya kukatakata protini zake na kuvionyesha vipande vyake nje, juu ya kibebeo kiitwacho HLA. Kipande kimoja kina asidi amino 8 hadi 10 tu. Seli T hupita ikivipapasa vipande hivyo. Vya kawaida huviacha. Lakini jeni ikiwa imebadilika, hata kwa herufi moja, kipande huweza kutoka na sura ngeni, na ikiwepo seli T yenye kipokezi kinachokitoshea, imemtambua adui.

Kutambua peke yake hakutoshi. Seli T changa lazima iamshwe kwenye tezi ya limfu, na anayeiamsha ni seli ya dendriti iliyobeba kipande kile kutoka kwenye uvimbe. Hapo panahitajika ishara mbili kwa pamoja. Ya kwanza ni kipande chenyewe. Ya pili ni protini iitwayo B7, iliyo juu ya seli ya dendriti, ikikibonyeza kipokezi cha CD28 kilicho juu ya seli T. Ikikosekana ya pili, seli T hulala badala ya kuamka. Zikiwepo zote mbili, inagawanyika mara nyingi, inaingia kwenye damu na kwenda kazini. Ikiukuta uvimbe, inajibana na seli ya saratani kifua kwa kifua, inamimina perforini inayoitoboa, na kupitia tundu hilo vinaingia vimeng'enya viitwavyo granzaimu, ambavyo huiamrisha seli ile ijiue. Kisha seli T inabanduka na kwenda kwa nyingine. Wakati huohuo inamwaga kemikali ya kutoa taarifa kwa jirani zote: interferoni gama. Naomba mlishike jina hilo, maana litarudi.

Mashine yenye nguvu kiasi hiki haiwezi kuachwa bila breki. Ziko nyingi, nami nitazungumzia mbili. Ya kwanza ni CTLA-4. Hujitokeza juu ya seli T baada ya kuamshwa, na hushikana na B7 ileile, lakini kwa nguvu nyingi kuliko CD28. Inampokonya mwenzake, na ishara ya pili inafifia. Ya pili ni PD-1. Nayo hujitokeza baada ya seli T kuchokozwa, na husubiri mwenzi wake aitwaye PD-L1, anayeweza kukaa juu ya seli za mwili popote. Wakikutana, mkia wa PD-1 ulio ndani ya seli T humwita kimeng'enya SHP2, naye huzibandua fosfeti zilizokuwa zikibeba ishara ya mashambulizi, hasa zile za CD28. Seli T haifi. Haifukuzwi. Imeshikilia palepale, lakini injini imezimwa.

Je, breki hizi ni kasoro ya maumbile? Hata kidogo. Mwaka 1995 watafiti walizalisha panya wasio na CTLA-4 kabisa. Panya hao walikufa wakiwa na umri wa wiki 3 hadi 4 tu, viungo vyao vimejaa seli T zilizoshambulia mwili wenyewe, moyo na kongosho vikiwemo. Mkumbuke panya hao, kwa sababu nitakapofika kwenye madhara ya dawa nitakuwa ninaeleza kitu kilekile kwa binadamu, kwa kiasi kidogo.

Sasa turudi kwenye kioo chetu. Seli T zimefika, haziui. Uvimbe umefanya nini?

Umefanya jambo la werevu wa kutisha: umeligeuza shambulio kuwa ngao. Seli T inapoanza kuua, inamwaga interferoni gama. Kemikali hiyo inashika kipokezi chake juu ya seli ya saratani, ndani yake vinaamka vimeng'enya JAK1 na JAK2, navyo vinaiwasha protini STAT1 inayoingia kwenye kiini na kuziamsha jeni kadhaa. Mojawapo ya jeni hizo ni ile ya PD-L1. Baada ya muda mfupi seli ya saratani imejivika PD-L1, seli T inakutana na PD-1 yake ikiwa imekanyagwa, na mauaji yanakoma. Nyama yenye afya pia hufanya hivi wakati wa maambukizi, ili isiteketezwe pamoja na kirusi. Uvimbe haukubuni kitu kipya, umeiba kinga ya majirani.

Ndiyo maana ukiutia uvimbe rangi ya kuonyesha PD-L1, mara nyingi utaiona imekolea palepale ukingoni ambapo seli T zimesongamana, na si kila mahali. Mtu asiyejua atasema, "Uvimbe huu una ngao, basi ni mbaya zaidi." Mimi nasema, itazame tena. Ngao ile ni alama kwamba vita vilianza. Uvimbe usio na PD-L1 huenda hauna kwa sababu hakuna seli T iliyowahi kuugusa.

Na hizo ziko. Kuna uvimbe ambao seli T hazijaingia kabisa, na kuna ambao zimekwama kwenye nyuzi zilizouzunguka bila kupenya. Huko hakuna breki ya kuachia kwa sababu hakuna gari. Hilo ndilo jambo ninalotaka mtoke nalo hapa: dawa hizi haziui saratani. Zinaiachia seli T iliyokuwa imeshikwa. Pasipo na seli T, dawa imekosa pa kufanyia kazi.

Wazo la kuachia breki lilikujaje? Mwaka 1992 maabara ya Tasuku Honjo katika Chuo Kikuu cha Kyoto iliipata jeni ya PD-1, ikitafuta jeni zinazohusika na kifo cha seli. Ilichukua miaka kadhaa ya kuwachunguza panya wasio na jeni hiyo hadi ikajulikana kwamba kazi yake ni breki. Huko Berkeley, Marekani, James Allison alikuwa akichunguza CTLA-4. Wengine waliokuwa wakiitazama breki hiyo waliwaza jinsi ya kuikanyaga zaidi, ili kutibu magonjwa ya kinga kujishambulia. Yeye akauliza kinyume chake: je, tukiizuia isikanyagwe? Akawapa panya wenye uvimbe kingamwili inayoiziba CTLA-4. Uvimbe ukayeyuka. Na panya waliopona walipopandikizwa saratani ileile kwa mara ya pili, miili yao iliikataa. Matokeo yalichapishwa mwaka 1996.

Kutoka kwa panya hadi kwa mgonjwa ilipita miaka kumi na minne. Mwaka 2010 yalitoka matokeo ya wagonjwa 676 wa melanoma iliyokuwa imesambaa. Waliopewa kingamwili ya CTLA-4, ipilimumabu, nusu yao walikuwa bado hai baada ya miezi 10.1, dhidi ya miezi 6.4 kwa waliopewa chanjo ya kulinganishia. Miezi mitatu na ushee, mtasema, ni nini? Lakini tazameni mkia wa mchoro wa walio hai, si katikati yake. Palikuwa na kundi dogo ambalo mstari wake uliacha kushuka, watu walioendelea kuishi mwaka baada ya mwaka. Katika melanoma iliyosambaa jambo hilo lilikuwa nadra mno. Dawa za kuziba PD-1 zilifuata mwaka 2014, na mwaka 2018 Honjo na Allison walipewa Tuzo ya Nobeli pamoja.

Dawa yenyewe, ukiiona wodini, haina makuu. Kwa mfano pembrolizumabu: miligramu 200 kwa dripu ya nusu saa, kila baada ya wiki 3. Ni kingamwili inayokaa juu ya PD-1 ili PD-L1 isipate pa kushika. Haiigusi seli ya saratani. Na hapa kuna jambo ambalo wengi hulikosea. Hatudhani tena kwamba dawa inazirudishia nguvu seli T zilizochoka kupindukia. Hizo zimefungwa hata ndani ya kiini, na kuachia breki hakuzifufui sawasawa. Zinazoitikia hasa ni kundi la akiba, seli T chache ambazo bado zina uwezo wa kugawanyika kama mbegu. Breki ikiachiwa, akiba hiyo inalipuka kwa wingi na kutoa wauaji wapya. Kwa hiyo mgonjwa mmoja anapona na mwenzake hapati nafuu, ilhali wote wamepata dozi ileile, dripu ileile, siku ileile.

Basi tutamjuaje atakayenufaika? Nitawapa mfano mmoja ulio wazi kuliko yote: saratani ya utumbo mpana.

Seli inapogawanyika hunakili DNA yake, na hukosea. Hukosea hasa kwenye sehemu zenye herufi zinazojirudia, kama A A A A A A A A, kama vile mwandishi anayenakili mstari mrefu wa alama moja na kupoteza hesabu. Kuna protini zinazopita nyuma kusahihisha, na nne ndizo tunazozipima: MLH1, PMS2, MSH2 na MSH6. Zikipotea, makosa hubaki. Herufi moja ikiongezeka au kupungua, usomaji wote wa jeni kuanzia pale unahama, na protini inayotoka ina mkia mgeni ambao mwili haujapata kuuona. Kwa seli T, huo ni uwanja uliojaa vitu vigeni.

Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, waliwapa wagonjwa wa saratani ya utumbo mpana iliyosambaa dawa ileile, pembrolizumabu, wakiwagawa kwa kipimo hicho kimoja. Wenye usahihishaji uliovunjika walikuwa 10, na uvimbe ulisinyaa kwa 4. Wenye usahihishaji mzima walikuwa 18. Ulisinyaa kwa wangapi? Hata mmoja. Walipohesabu mabadiliko ya jeni, uvimbe uliovunjika usahihishaji ulikuwa na wastani wa 1,782, na mwingine 73. Saratani ya kiungo kilekile, dawa ileile, hatima mbili.

Kisha mwaka 2022 zikatoka habari kutoka hospitali ya Memorial Sloan Kettering, New York. Wagonjwa 12 wa saratani ya puru iliyokuwa bado haijasambaa mbali, wote usahihishaji wao umevunjika, walipewa dostarlimabu, nayo ni ya kuziba PD-1, miligramu 500 kila wiki 3 kwa miezi 6, kabla ya tiba nyingine yoyote. Wote 12 uvimbe ulitoweka: kwa kidole, kwa kamera, kwa picha za MRI, na kwa vipande vilivyochukuliwa. Wakati matokeo yanatolewa, hakuna aliyekuwa amehitaji mionzi wala upasuaji. Nani asingefurahi? Mimi nilifurahi. Lakini ni wagonjwa wangapi wa saratani ya puru walio na kasoro hiyo? Takriban 5 hadi 10 kwa kila 100. Ndiyo maana kipimo ni lazima kabla ya dripu, si baada yake.

Ninyi wa maabara, naomba masikio yenu kidogo. Mnapozitia rangi protini hizo nne, tafuteni rangi kwenye viini vya seli za saratani, kisha tazameni seli nzima zilizo kando yake, limfosaiti na nyuzi. Saratani haina rangi na jirani anayo: protini imepotea kweli. Saratani haina na jirani naye hana: kipimo kimeshindwa, pengine kwa sababu nyama ilikaa muda mrefu kabla ya kutiwa fomalini. Rudieni. Kisha tazameni jozi. MLH1 ikipotea, PMS2 huondoka nayo, kwa kuwa haiwezi kusimama bila mwenzake. MSH2 ikipotea, MSH6 huondoka nayo. Jibu linalosema MLH1 imepotea huku PMS2 imekolea vizuri lipimwe tena kabla halijamfikia mgonjwa.

Na wale ambao dawa iliwasaidia kisha saratani ikarudi? Mwaka 2016 ilichapishwa kazi iliyowafuatilia wagonjwa 4 wa melanoma. Uvimbe wao ulisinyaa kwa pembrolizumabu, ukakaa kimya muda mrefu, kisha ukaanza kukua tena. Watafiti walikuwa na kipande cha kabla na kipande cha baada, wakasoma jeni za vyote viwili. Mgonjwa mmoja: uvimbe uliorudi umepoteza JAK1. Wa pili: JAK2. Wa tatu: umepoteza beta-2 maikroglobulini, ile protini ndogo inayokishikilia kibebeo cha HLA kisimame. Wa nne: sababu haikupatikana.

Unganisheni na tuliyosema mwanzo. Bila JAK, seli ya saratani imekuwa kiziwi kwa interferoni gama. Haisikii amri ya kuacha kukua, haiongezi HLA ya kujionyesha. Bila beta-2 maikroglobulini, haionyeshi kipande chochote, na seli T inapita mbele yake kama inapita mbele ya ukuta. Katika hali hizo kuongeza dozi hakusaidii. Breki imeshaachiwa. Kilichokatika ni kitu kingine kabisa. Mgonjwa asiambiwe kwamba dawa ilikuwa dhaifu. Aambiwe kwamba zile seli chache zilizojua kujificha ndizo zilizobaki, zikazaana.

Sasa tuwakumbuke wale panya wasio na breki. Tuchukue mgonjwa wa mfano. Mama wa miaka 62, kilo 70, ana melanoma, anapewa dawa mbili kwa pamoja, ipilimumabu na nivolumabu inayoziba PD-1. Wiki ya saba anapiga simu. Kwa kawaida huenda haja kubwa mara moja kwa siku. Tangu juzi anaenda mara sita. Anauliza kama anunue loperamidi ya kuzuia kuhara.

Tumjibuje? Tunahesabu kwanza kilichoongezeka juu ya kawaida yake. Ni mara tano, hivyo ni daraja la pili. La tatu huanzia mara saba. Loperamidi asiitumie peke yake nyumbani, kwa sababu inanyamazisha dalili huku utumbo ukiendelea kuliwa na seli T, na utumbo unaweza kutoboka. Aje. Dozi inayofuata inasimamishwa. Choo kinapimwa maambukizi, pamoja na bakteria Clostridioides difficile, maana si kila kuhara ni kwa dawa. Kukiwa hakuna maambukizi, anaanzishiwa steroidi, prednisoloni miligramu 1 kwa kila kilo, yaani miligramu 70 kwa siku. Siku hiyohiyo anapimwa kifua kikuu na homa ya ini ya B, kwa sababu asipopata nafuu ndani ya siku tatu hivi atahitaji dawa nyingine ya kutuliza kinga, infliksimabu, miligramu 5 kwa kilo, kwake ni 350, na dawa hiyo inaweza kuviamsha vyote viwili. Akipata nafuu, steroidi inapunguzwa polepole kwa wiki 4 hadi 6. Kosa ninaloliona likirudiwa ni hili la mwisho: kuhara kunakata siku ya tano, watu wanafurahi, steroidi inasimamishwa siku ya kumi, na siku ya kumi na nne mgonjwa amerudi akiwa mbaya kuliko mwanzo. Kemikali za hasira zimetulia, lakini seli T bado ziko kwenye ukuta wa utumbo.

Utumbo unapiga kelele. Viungo vingine havipigi. Tezi ya pituitari ikishambuliwa, mgonjwa atasema tu kwamba kichwa kinauma na amechoka, na uchovu ni rahisi kuusingizia saratani. Pimeni kotisoli asubuhi, na sodiamu. Moyo hushambuliwa mara chache, chini ya mgonjwa 1 kati ya 100, lakini shambulio hilo huua sehemu kubwa ya wanaolipata, na mara nyingi huwa katika wiki za mwanzo. Mgonjwa aliyeanza dawa hizi akija na kifua kizito, pumzi fupi, au kope zinazoanguka, apimwe troponini na umeme wa moyo saa hiyohiyo, si kesho kliniki.

Na tafadhali msidhani kwamba dripu ikiisha hatari imeisha. Nusu ya kingamwili hii hubaki mwilini wiki tatu baada ya dozi, na seli T zilizoachiwa huendelea na maisha yao. Mgonjwa anaweza kumaliza tiba, akakaa miezi mitano bila shida, kisha akaingia mapokezi usiku mbele ya tabibu ambaye hajawahi kumwona, akiwa na manjano au shinikizo la damu lililoporomoka. Akiulizwa, "Unatumia dawa gani?" atajibu kwa ukweli kabisa, "Hakuna." Muulizeni hivi: "Je, katika mwaka mmoja au miwili iliyopita umewahi kutundikiwa dawa ya kinga kwa ajili ya saratani?"